Baba wa mtoto amekataa nisafiri naye kwenda Tanga: je, mahakama ya Uingereza inaweza kuniruhusu?

Kwako mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester kwa kibali cha ukaazi wa kudumu na nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Nina mtoto wa kiume wa miaka sita, amezaliwa hapa na ana pasipoti ya Uingereza. Mimi na baba yake hatukuoana, lakini jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mtoto hulala kwake wikiendi mbili kila mwezi. Hatujawahi kufikishana mahakamani. Mama yangu yuko Tanga, figo zinamsumbua, na mjukuu wake hajamwona ila kwenye simu. Nataka twende wiki tano katika likizo ya shule ya Julai na Agosti mwakani. Baba mtoto amekataa katakata. Anasema sitarudi, na ushahidi wake ni ujumbe wa WhatsApp niliomwandikia tulipokuwa tunaachana: "Nitamchukua mwanangu nirudi kwetu, hutatuona tena." Niliyasema kwa hasira tu. Anajua pia kwamba nina kiwanja Pongwe na nimeanza kujenga. Shoga zangu wananiambia mimi ndiye mama, na safari ya chini ya siku 28 haihitaji ruhusa ya mtu. Je, ni kweli? Na nikienda mahakamani, jaji atataka nini kwangu?

Mama mwenye wasiwasi, Leicester

Dada yangu,

Pole kwa kuuguliwa, Mungu amjalie mama afya. Nianze na hilo la siku 28, kwa kuwa ndilo linaloweza kukutia matatani mapema kuliko mengine yote. Kanuni hiyo ipo, ila haikuhusu wewe kwa sasa. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, inayotumika England na Wales, inamruhusu mzazi kumtoa mtoto nje ya nchi kwa muda wa chini ya mwezi mmoja bila kumwomba mwenzake pale tu ambapo mahakama imekwisha kutoa amri inayosema kwamba mtoto anaishi na mzazi huyo. Ninyi hamjawahi kwenda mahakamani, kwa hiyo amri hiyo haipo. Kwamba mtoto analala kwako siku nyingi zaidi ni hali halisi ya maisha yenu, lakini mbele ya sheria haitoshi kuchukua nafasi ya amri. Na hata ungekuwa nayo, wiki tano zinapita mwezi, na ungehitaji idhini vilevile.

Idhini hiyo inatoka kwa kila mtu mwenye mamlaka ya mzazi kisheria. Mama anayo tangu mtoto anapozaliwa. Baba asiyemwoa mama anaipata, pamoja na njia nyingine, kwa jina lake kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa England na Wales kuanzia tarehe 1 Desemba 2003. Mwanao ana miaka sita na jina la baba limo, basi suala hilo limekwisha: sauti ya baba ina uzito sawa na yako. Ukiondoka na mtoto aliye chini ya miaka 16 bila idhini yake wala ya mahakama, unaangukia kwenye Sheria ya Utekaji wa Watoto ya mwaka 1984, na kosa hilo ni la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Sheria hiyo ina kifungu kinachoweza kumtetea mzazi ambaye mwenzake alikataa bila sababu ya maana, lakini huo ni utetezi wa mtu aliyekwisha kushtakiwa, na mimi sitakushauri hata kidogo upande ndege ukiutegemea huo.

Pia usidhani kwamba ukinyamaza hadi siku ya safari utapita tu. Baba akipata fununu anaweza kwenda mahakamani siku hiyohiyo, bila wewe kuitwa, akaomba amri ya kukuzuia kumtoa mtoto nchini. Akiwaonyesha polisi kwamba hatari ni ya kweli na safari ni ya leo au kesho, wanaweza kuweka tahadhari katika viwanja vya ndege na bandari zote. Mtoto wa miaka sita akizuiwa langoni mbele ya askari hasahau, na wewe utakapofika mbele ya jaji baadaye utakuwa umekwisha kumthibitishia baba yale aliyoyasema.

Kwa hiyo una njia mbili: baba akubali kwa maandishi, au mahakama iruhusu. Ningependa uelewe kwanza jinsi jaji anavyofikiri, kwa sababu yale yatakayomridhisha jaji ndiyo hayohayo yanayoweza kumlainisha baba kabla hamjafika huko.

Jambo linalofanya safari yako iwe nzito kuliko ya mama anayempeleka mtoto Hispania au Ufaransa ni Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu utekaji wa watoto kimataifa. Zaidi ya nchi 100 zimo katika mkataba huo, na Uingereza ni mojawapo. Mtoto akizuiliwa katika nchi mwanachama, mzazi aliyeachwa anapeleka maombi kupitia ofisi maalumu ya serikali, na mahakama ya kule aliko mtoto, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika mkataba, inaamuru arudishwe haraka alikokuwa akiishi, bila kuingia katika mabishano ya nani mlezi bora. Tanzania haimo. Kenya nayo haimo. Maana yake ni kwamba usiporudi, baba hana ofisi ya kumpigia. Itambidi atafute wakili Tanzania, afungue shauri huko, na mahakama ya Tanzania itaangalia upya maslahi ya mtoto kwa sheria zake, huku mtoto akiendelea kuzoea shule na marafiki wapya. Amri ya jaji wa Leicester haimfungi mtu Tanga kwa kuonyeshwa tu. Naona wazazi wengi wa kwetu wanachukia wakisikia hoja hii, wanaona kama nchi yao inatukanwa. Nchi haitukanwi. Hoja ni kwamba njia ya kumrudisha mtoto ni ndefu na ya gharama, na jaji hawezi kujifanya haioni.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya England na Wales iliweka wazi namna ya kupima maombi ya kumpeleka mtoto kwa muda katika nchi isiyo ya mkataba. Jaji anajiuliza uwezekano wa mzazi kutorudi ni mkubwa kiasi gani. Akishindwa kurudi, madhara kwa mtoto yatakuwa makubwa kiasi gani. Na kinga zinazoweza kuwekwa zina nguvu kiasi gani. Juu ya yote hayo, lazima aridhike kwamba faida ya safari kwa mtoto inazidi hatari zake. Mahakama ilisema pia kwamba kinga hizo ziwe na nguvu halisi kule mtoto anakokwenda, na ziwe rahisi kwa mzazi aliyebaki kuzitumia. Na kwamba jaji akibaki na shaka, ni afadhali akatae. Hilo la mwisho ulishike sana. Katika kesi ya namna hii shaka inamwangukia mwombaji, na mwombaji ni wewe.

Sasa tuyaweke mambo yako kwenye mizani hiyo.

Katika uwezekano wa kutorudi, baba ana vitu viwili vya kuonyesha, ule ujumbe na ile nyumba. Ujumbe usiufute. Yeye anao, na ukifutwa upande wako utaonekana una la kuficha. Katika maelezo yako ya maandishi uunukuu mwenyewe neno kwa neno, uweke tarehe, ueleze ugomvi ulikuwa wa nini, kisha uonyeshe ulichofanya tangu siku hiyo: kwamba mtoto hajakosa wikiendi za baba yake, kwamba hukuwahi kujaribu kuondoka naye, kwamba umeendelea kumshirikisha katika mambo ya shule na hospitali. Ukiwa na ujumbe mwingine wa siku za kawaida, kama ule wa kupanga nani atampeleka mtoto kwa daktari wa meno, uambatishe. Jaji anayesoma mwaka mzima wa mawasiliano ya kawaida anaupa ujumbe mmoja wa hasira uzito unaoustahili.

Nyumba ya Pongwe nayo uitaje wewe kwanza. Sisi tunaoishi ughaibuni tunajua kwamba mtu anajenga kwao akiwa na nia ya kuhamia baada ya miaka ishirini, au ili mama yake apate pa kukaa, au kwa sababu tu pesa inayobaki benki huyeyuka. Jaji wa Uingereza hajui desturi hiyo, na akisikia kutoka kwa wakili wa baba kwamba una nyumba Tanzania usiyoitaja, atasoma nia mbaya. Weka picha ya nyumba ilivyo leo. Ikiwa kuta zimefika usawa wa madirisha, haina paa, haina maji, picha hiyo itasema kwamba hakuna mtu anayehamia humo Agosti. Eleza unajenga kwa ajili ya nani na kwa pesa ipi.

Upande wa pili wa mizani ni yanayokuvuta urudi. Kibali chako cha kudumu, mkataba wa kazi pamoja na barua ya mwajiri inayotaja siku ya kuondoka na siku ya kurudi kazini, mkataba wa nyumba unayopanga, barua ya shule inayothibitisha kwamba mtoto ana nafasi darasani muhula wa Septemba, miadi ya hospitali kama ipo. Ushahidi wa namna hii hauna mbwembwe, lakini majaji wanauamini kwa kuwa haukutengenezwa kwa ajili ya kesi.

Hapo hapo nina ushauri ambao pengine hautaupenda: punguza wiki tano ziwe tatu. Likizo ya kiangazi hapa huwa ya wiki sita hivi. Ukichukua tano, baba anakosa likizo karibu yote na mtoto anarudi siku chache kabla ya shule kufunguliwa, kwa hiyo kuchelewa kidogo kunageuka kukosa shule. Ukichukua tatu za mwanzo, ukaziacha zinazobaki baba awe na wiki yake nzima na mtoto, utakuwa umemwonyesha kila mtu kwamba mpango wako umemfikiria yeye pia. Safari ya kwanza ndiyo ngumu. Ukirudi salama, ya pili unaweza kuiomba ndefu zaidi.

Kinga ndizo zitakazoamua kesi yako, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Wazazi wengi huja mahakamani na ahadi, na tiketi ya kwenda na kurudi. Tiketi ya kurudi inatakiwa, lakini kila mtu anajua inaweza kutupwa. Ahadi mbele ya jaji ina uzito wakati mtu yuko Uingereza. Akiwa Tanga inabaki kuwa neno lake. Kwa hiyo jaji anatafuta kitu kitakachomuuma mzazi asiporudi, au kitakachompa baba uwezo wa kuchukua hatua.

Kinachofahamika zaidi ni amana ya fedha. Unaweka kiasi fulani katika akaunti ya mawakili, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye amri kwamba mtoto asiporudi kufikia tarehe fulani fedha hizo anapewa baba azitumie kumtafuta mtoto. Kiasi hakiokotwi hewani. Kinajengwa kwa hesabu ya gharama ambazo baba angeingia: wakili wa Tanzania wa kufungua na kuendesha shauri, nauli zake mara mbili au tatu, malazi, tafsiri ya nyaraka. Tuseme hesabu hiyo inakuja pauni 8,000; ndicho kiasi utakachopendekeza, na ikiwa huna chote, sema wazi unacho kiasi gani na nani katika familia anaweza kuongeza. Dada au kaka yako anayeishi hapa akiweka akiba yake mwenyewe rehani, jaji anaona kwamba usiporudi utamuumiza ndugu yako, na hilo lina nguvu yake. Kile kiwanja cha Pongwe usikitegemee kama dhamana. Baba akiwa Leicester na barua ya toleo ya kiwanja kilichoko Tanga, atakiuza vipi ili apate nauli wiki hiyohiyo? Kinga isiyofikika kwa urahisi haihesabiwi.

Kingine ni msimamo wa sheria wa Tanzania wenyewe. Katika kesi nyingi za aina hii mahakama itataka maoni ya mtaalamu, yaani wakili mwenye uzoefu wa mashauri ya watoto Tanzania, aeleze kwa maandishi kama inawezekana kupata huko amri pacha, inayorudia masharti ya amri ya hapa kabla hujasafiri; shauri la baba lingefunguliwa mahakama gani; lingechukua muda gani; na amri ikitolewa nani anaitekeleza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ni Namba 21 ya mwaka 2009, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, kwa hiyo mtaalamu awe anayejua upande mnaokwenda. Usimlete rafiki yako mwanasheria akuandikie kirafiki. Mtaalamu anateuliwa kwa ruhusa ya mahakama, pande zote mbili zinakubaliana maswali atakayoulizwa, na wajibu wake ni kwa mahakama. Gharama yake mara nyingi hugawanywa, ingawa mwombaji anaweza kuambiwa abebe sehemu kubwa. Nimeona maombi mazuri yakikwama kwa kukosa ripoti hii tu, kwa sababu bila hiyo jaji anabaki kubahatisha kuhusu nchi asiyoifahamu.

Halafu yako mambo ya pasipoti. Mwanao anaweza kuwa na haki ya uraia wa Tanzania kupitia kwako akiwa bado mtoto, na baba atauliza kama utamkatia pasipoti ya pili. Ahidi mbele ya mahakama kwamba hutaiomba, na kama ipo ikabidhi kwa wakili. Kubali pia kwamba pasipoti yake ya Uingereza itawekwa kwa wakili na kutolewa siku chache kabla ya safari, kisha irudishwe ndani ya muda uliopangwa mkishafika nyumbani.

Kuna na kiapo. Mahakama za Uingereza zimewahi kukubali mzazi Mwislamu aape kwa kushika Msahafu kwamba atamrudisha mtoto, kama sehemu ya kinga nyingine. Ikiwa wewe ni Muislamu na baba mtoto anajua jinsi unavyokichukulia kiapo, usione haya kulipendekeza. Vivyo hivyo mjomba au baba mdogo anayeheshimika katika ukoo anaweza kutoa hati ya kiapo kwamba anafahamu masharti ya safari na hatashiriki kumficha mtoto. Peke yake haitoshi, lakini baba akijua kuna mzee wa familia aliyeweka jina lake, na ana namba yake ya simu, hofu yake inapungua kwa namna ambayo karatasi za mawakili hazifanyi.

Faida ya safari kwa mtoto nayo uiandike kwa kumtazama yeye. Usiandike kurasa nzima kuhusu haki yako ya kumwona mama yako. Haki hiyo unayo, na unaweza kwenda peke yako. Jaji atauliza kwa nini mtoto aende. Andika kwamba anazungumza na bibi yake kila Ijumaa na wanaimba pamoja, kwamba anaelewa Kiswahili ila hukijibu kwa Kiingereza, kwamba ana binamu wa rika lake watatu ambao hajawagusa. Jibu pia swali la kwa nini bibi asije hapa: barua ya daktari inayosema hali ya figo zake na kwamba hawezi kukaa angani saa nyingi italimaliza. Eleza mtalala nyumba ipi, mtoto atapata chanjo na kinga ya malaria kwa utaratibu gani, akiugua mtakwenda hospitali gani. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko mjini Tanga, na kuitaja kunamwonyesha msomaji kwamba umefikiri. Weka ratiba ya simu za video na baba, kwa saa za pande zote mbili. Kiangazi Tanga iko mbele ya Leicester kwa saa mbili.

Kabla ya mahakama, mwandikie baba. Usimwandikie kwa WhatsApp usiku; andika barua au barua pepe yenye tarehe za kwenda na kurudi, njia ya ndege, anwani, kiasi cha amana, suala la pasipoti na wiki atakazobaki na mtoto. Mwambie pia unaelewa kwa nini ule ujumbe wako unamtisha. Akikubali, mtake aweke sahihi kwenye barua ya idhini inayotaja jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, namba ya pasipoti, safari yenyewe na namba ya simu ya kuthibitisha, na akupe nakala ya kitambulisho chake. Afisa wa mpakani anaweza kuiulizia. Idhini ya mdomo haikufai kitu siku atakapobadili mawazo. Ningependekeza hata mkikubaliana, mawakili waifanye iwe amri ya makubaliano, ili amana na pasipoti viwe na masharti yanayoweza kutekelezwa.

Akikataa, unaanza na kikao cha taarifa kuhusu usuluhishi kwa msuluhishi aliyesajiliwa. Sheria inataka hivyo kabla ya maombi mengi ya aina hii, isipokuwa kuna ushahidi wa ukatili wa nyumbani, dharura au sababu nyingine zilizotajwa. Baada ya hapo unajaza fomu ya C100, ambayo inapatikana kwenye tovuti ya serikali, ukiomba amri ya jambo mahsusi, yaani ruhusa ya safari hii moja. Ada yake ni zaidi ya pauni 200, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada. Maafisa wa Cafcass, chombo kinachowaangalia watoto katika kesi za familia, watachunguza kumbukumbu za polisi na za ustawi wa jamii, watampigia simu kila mmoja wenu, na kuiandikia mahakama barua kabla ya kikao cha kwanza. Jibu maswali yao kwa utulivu na usimponde baba; barua hiyo jaji huisoma kabla hajakuona uso.

Kikao cha kwanza hakitatoa ruhusa. Kitapanga nani aandike nini, kama mtaalamu wa Tanzania ateuliwe, na shauri lisikilizwe lini. Mtaalamu peke yake anaweza kuchukua wiki kadhaa, na tarehe ya usikilizwaji hutegemea foleni ya mahakama. Ndiyo maana nafurahi umeandika mapema. Ukiwasilisha maombi Januari, Julai inafikika. Ukisubiri hadi Mei, jaji atakuwa na wakati mdogo na ushahidi pungufu, na nimekwisha kukueleza shaka inamwangukia nani. Hali ya mama ikibadilika ghafla, mahakama inaweza kusikiliza maombi ya dharura ndani ya siku chache, lakini bila ripoti ya mtaalamu na bila amana iliyokwisha kuwekwa nafasi yako inakuwa nyembamba sana. Kusanya nyaraka tangu sasa, hata kabla baba hajajibu. Tiketi usilipie isiyoweza kurudishiwa fedha. Weka nafasi tu, au nunua inayobadilishika.

Ukiruhusiwa, soma amri mstari kwa mstari pamoja na wakili, beba nakala yake iliyogongwa muhuri kwenye mkoba wa mkononi, na timiza kila sharti kwa saa iliyoandikwa. Ndege ikichelewa Doha au Addis Ababa, mjulishe baba na mawakili papo hapo na utunze uthibitisho wa shirika la ndege. Ukikataliwa, muda wa kukata rufaa kwa kawaida ni siku 21, lakini rufaa inahitaji kosa la jaji, na kutoridhika kwako hakutoshi. Mara nyingi njia bora ni kusoma sababu za kukataa, kuona ni kinga gani aliiona dhaifu, kuirekebisha, na kuomba upya kwa likizo nyingine. Mama mwenye kukataliwa kwa kukosa ripoti ya mtaalamu hajakataliwa daima.

Haya niliyoeleza ni ya England na Wales, unakoishi. Ukihamia Scotland au Ireland ya Kaskazini, sheria zake zinatofautiana. Mtafute wakili wa familia aliyewahi kushughulikia safari za nchi zisizo za Mkataba wa Hague, na umuulize swali hilo kabla hujamlipa, kwa kuwa wapo wengi wazuri wa talaka ambao kesi ya namna hii hawajaishika. Msaada wa kisheria wa serikali katika mashauri ya namna hii ni mfinyu, na kwa kawaida huwafikia wenye kipato kidogo walio na ushahidi wa ukatili wa nyumbani. Ikiwa hilo linakugusa, mwambie wakili siku ya kwanza, kwa sababu linabadilisha pia suala la usuluhishi na namna utakavyokaa katika chumba cha mahakama.